Spiriti haiyeyushi sukari: kibodi iliyomwagikiwa soda

Wiki iliyopita kijana wa chuo aliniletea laptopu imefungwa kwenye mfuko wa naironi, punje za mchele zikidondoka kila akiigeuza. "Fundi, niliimwagia soda juzi. Nikaifuta kwa spiriti, nikailaza kwenye mchele siku mbili. Sasa S inajirudia yenyewe, na W haiandiki kabisa."

Mchele niliuchambua kwa kibano, mmoja uliingia mpaka kwenye tundu la chaji. Ila kosa lenyewe lilikuwa spiriti. Watu wengi wanadhani inasafisha kila kitu. Inaondoa mafuta na inakausha maji vizuri, lakini sukari haiyeyuki ndani yake. Ukiipaka juu ya soda iliyokauka unafukuza maji tu, na utomvu unabaki palepale, mgumu kuliko mwanzo. Kinachoyeyusha sukari ni maji. Nusu glasi ya soda ina kama gramu 10 za sukari, yaani vijiko viwili vya chai, na vyote vimebaki humo ndani hata kama kibodi inaonekana kavu.

Ikikumwagikia leo, usianze kufuta. Chomoa chaji, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime, kwa kawaida sekunde 10 hivi. Usihangaike kuhifadhi kazi uliyokuwa unaandika, maana kila sekunde umeme unapopita kwenye maji yenye asidi na chumvi za soda, shaba inaliwa. Betri inayotoka nje, itoe. Halafu ifungue laptopu na uisimamishe kama paa la banda, kibodi ikitazama chini juu ya taulo, ili soda irudi ilikotoka badala ya kushukia mazabodi, ule ubao mkuu wa laptopu. Usipulize kwa mashine ya kukaushia nywele. Joto lake hupinda plastiki, na upepo wake husukuma soda ndani zaidi.

Kwa yule kijana nilifungua mfuniko wa chini na kuchomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Mazabodi ilikuwa safi. Ingekuwa na ukungu mweupe au wa kijani kwenye miguu ya vijisehemu, hapo ni kazi ya fundi mwenye vifaa, siyo ya mezani nyumbani. Betri iliyovimba au inayonuka usiirudishie chaji hata kidogo.

Kisha nikang'oa vitufe kimoja kimoja, kwa kipande cha plastiki kutoka pembeni, siyo kwa kisu. Chini ya kila kitufe kuna mkasi mdogo mweupe wa plastiki, na katikati yake kikombe cha raba. Spesi, Enta na Shifti zina kijichuma kirefu kinachoshikilia pande zote mbili, kwa hiyo kama hujawahi kuving'oa, viache na usafishe kupitia pembeni.

Hapo chini ya S kulikuwa na utando wa kahawia unaonata kama ubuyu uliopikwa. Nilichovya kijiti cha pamba kwenye maji ya betri yaliyo safi, yale ya kuongezea ambayo hayana asidi. Yanauzwa kwenye vituo vya mafuta, ila soma lebo vizuri kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa hapohapo. Maji ya bomba huacha chumvi yakikauka. Kijiti kiwe na unyevu tu, kisidondoshe. Unazungusha, unakitupa, unachukua kingine, mpaka pamba itoke bila rangi na isinate kidoleni. S ilinimalizia vijiti saba.

Sasa ndipo spiriti inapata kazi yake, yaani kufukuza maji. Natumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali. Ile spiriti ya zambarau ya kuwashia majiko huacha rangi. Asetoni usiiguse, inayeyusha vitufe. Baada ya hapo kibodi ililala mbele ya feni saa 48 kabla sijarudisha waya wa betri.

Vitufe vilivyokuwa vinakwama vikarudi kuruka vizuri. S bado ilijirudia, W ikaendelea kugoma. Hiyo ndiyo dalili kwamba soda imepenya mahali pamba haifiki. Chini ya raba kuna karatasi tatu za plastiki zilizobanana, zenye mistari ya kupitisha umeme, na sukari ikikaa kati yake, au ikila mstari, hakuna kusafisha kutoka juu. Kitufe kinachopanda taratibu kinasafishika. Kinachoandika herufi mbili au kisichoandika kabisa, mara nyingi karatasi zimeingiliwa.

"Kwa hiyo tulifanya kazi bure, fundi?"

"Bure kwa S na W, mdogo wangu. Mazabodi yako ni nzima."

Akanunua kibodi nyingine. Ile ya zamani imebaki kwenye sanduku langu la vipuri, na mteja mwingine aking'oa kitufe kwa kisu, naanzia humo kutafuta.