Mashini ya oksijeni nyumbani: batri moja inafika wapi umeme ikikatika?

Familia nyingi hapa Goma zinakuja kwetu kwenye atelye ya mashini za hospitali na swali moja, ninunue batri gani? Mimi naanza na hesabu, juu batri peke yake mara nyingi haivushe usiku, na Januari 2025 mji ulikaa siku kadhaa bila umeme.

Tuchukue mama wa Katindo, daktari alimwandikia litre 2 kwa dakika. Mashini ya kawaida ya litre 5 inakula kama wati 350 (soma kibandiko kiko nyuma), na kupunguza debi hakuokoi batri, kompresa inazunguka vile vile, basi usiguse debi ya daktari. Batri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 200, kwa karatasi inabeba wati-saa 2400, lakini ukiivuta kupita nusu unaiua mapema, inabaki 1200, konvertisa nayo inakula yake, unabaki na kama 1050. Gawa kwa 350: masaa 3. Usiku wa masaa 12 unaomba batri nne za namna hiyo. Nani anaziweza?

Ndiyo maana mimi nasema batri ya masaa ya kwanza, kisha chupa ya oksijeni. Chupa ya litre 10, saa yake ya presha ikisoma bar 150, iko na 10 mara 150, ni litre 1500 za oksijeni. Acha bar 20 za akiba, inabaki litre 1300, kwa debi ya 2 ni dakika 650, karibu masaa 11. Ukijumlisha na batri umefika asubuhi. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, bandika kwenye chupa, ili hata mtoto aliyebaki na mama ajue wakati wa kupigia simu wenye kujaza. Na usipake mafuta kwenye kichwa cha chupa, oksijeni ya presha na mafuta vinawaka, mbabula na mishumaa navyo vikae mbali.

Konvertisa chukua ile inatoa wimbi safi, za bei chini zinafanya kompresa ivume vibaya na ipate moto. Iwe na nguvu kupita wati 350 kwa mbali, juu kompresa inavuta sana ikiwaka. Jaribu mchana umeme ukiwepo, mgonjwa akiwa kwenye chupa: mashini ikizima sekunde ya kwanza, konvertisa ni ndogo ao waya ni nyembamba. Ikiwaka, ngoja dakika kama tano oksijeni ikae sawa mbele ya kumrudisha mgonjwa.

Gurupe ni ya kuchaji batri, na ikae inje, mbali na dirisha, hata mvua ikinyesha usiiingize kwenye baraza. Moshi wake unaingia kwenye damu na kale kamashini ka kidoleni hakautofautishi na oksijeni, kanaweza kuandika 97 na mgonjwa anazidiwa. Kichwa kikiuma watu wawili ndani ya nyumba, zima gurupe, toa wote inje, mgonjwa abaki kwenye chupa, mpeleke hospitali.