Dini au deni: kusoma daftari la babu lililobaki kwenye picha

Binti mmoja wa Mji wa Kale, mwanafunzi wa Kiarabu, aliniletea hadithi fupi aliyoiandika kwa Kiarabu ili niikague upande wa hati. Kazi yangu ni kusoma Kiswahili cha zamani kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hasa barua na madaftari ya nyumbani. Katika hadithi yake kuna msichana aliyefiwa na babu. Daftari la mzee liliharibiwa na mvua chini ya paa linalovuja, na kilichosalia ni picha alizopiga mjomba kwa simu kabla halijatupwa. Wino umefifia. Tena mzee alikuwa akichanganya lugha: dua na tarehe kwa Kiarabu, mambo ya nyumbani kwa Kiswahili, na hesabu za mzigo kwa vyote viwili.

Hadithi nzima inazunguka mstari mmoja. Msichana anausoma "dini ya mwanangu", na kwa muda mrefu anaamini kwamba babu alikuwa akililia dini ya baba yake aliyehama Mombasa asirudi. Mwishoni anatambua kwamba mzee aliandika "deni la mwanangu". Binti aliniuliza: "Maalim, hili linawezekana kweli, au nimelitunga tu?"

Linawezekana sana, na sababu zake zinastahili kuelezwa taratibu.

Hati ya Kiarabu ina irabu tatu: fataha, kasira na dhumma. Kiswahili kina tano. Waandishi wa pwani waliiandika i na e kwa kasira, u na o kwa dhumma, wakamwachia msomaji achague. Kwa hiyo "dini" na "deni" yote ni dali, ye na nuni: دين. Kwa Kiarabu pia herufi hizo tatu ni maneno mawili, la dini na la deni, lakini ukiweka irabu yanaachana, maana la deni lina fataha juu ya dali. Kwa Kiswahili hata ukitia irabu zote hayaachani, kwa kuwa yote mawili yana kasira.

Hapa Mombasa wapo waliojaribu kuziba pengo la herufi. Mwalimu Sikujua, aliyefariki 1890, aliirekebisha hati ili ibebe sauti za Kimvita, lahaja ya Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, naye aliyashughulikia maandishi haya kwa bidii. Lakini mzee anayejiandikia nyumbani hafuati mfumo wa mtu. Anaandika alivyofundishwa chuo cha Kurani: p anaiandika kwa be, v kwa fe, ng kwa ghaini, na nuni ya mwanzo katika "ndugu" au "njaa" mara nyingi anaiacha. Kama ni mtu wa Kimvita, "njaa" kwake ni "ndaa", kwa hiyo ukilitafuta neno hilo kwenye jimu hulipati. Limekaa kwenye dali.

Basi nini kinachoamua kati ya dini na deni? Neno linalofuata. Dini ni ya, deni ni la. Madaftari mengi ya namna hii huunganisha kiunganishi na neno lililo mbele yake, hivyo "ya mwanangu" linaanza kwa ye na "la mwanangu" linaanza kwa lamu. Ye mwanzoni mwa neno ni jino fupi lenye nukta mbili chini. Lamu ni mti mrefu usio na nukta. Nukta zikifutika, urefu unabaki, na huo ndio wa kutegemea. Binti alikuwa na picha za daftari la kweli la ukoo wao alizozifanya mfano wa hadithi, tukaifungua moja pamoja kwenye kompyuta. Tulitafuta lamu na alifu ambazo hazina shaka katika mistari ya juu na ya chini, tukazilinganisha na ule mwanzo wa neno uliofifia. Nusu ya juu ya mti ilikuwa imepauka karibu kuisha, na mtu angeapa kwamba ni jino. Lakini ukifuata upande wa kushoto wa mchirizi, kalamu ilikuwa imetoka juu sana kabla ya kuteremka kuingia kwenye mimu. Jino haliandikwi hivyo.

Kisha tukatafuta ushahidi wa pili, kwa sababu mti mmoja uliopauka hautoshi. Kurasa chache nyuma mwandishi huyohuyo ameandika "deni la duka", kwa wino uliosimama vizuri, na lamu yake ina umbo lilelile. Sasa naweza kusema.

Upo mtego mwingine hapo, na binti hakuwa ameutia kwenye hadithi. Kwa Kiarabu pia lamu huungana na neno linalofuata, na "dayn li-fulani" ni deni ambalo fulani anadai. "Deni la mwanangu" kwa Kiswahili tunalielewa kuwa deni analodaiwa mwanangu. Msichana akiusoma mstari kwa Kiarabu, mdeni anageuka mdai. Kinachomwokoa ni lile neno lenyewe, mwanangu, linaloishia kwa ghaini. Kiarabu hakina neno la umbo hilo, basi mstari ni wa Kiswahili na usomwe kwa sarufi ya Kiswahili. Ila ghaini nayo inaishi kwa nukta moja. Ikifutika inakuwa aini, na msomaji wa haraka ataanza kuvumbua neno la Kiarabu. Ndiyo maana kwenye daftari lenye lugha mbili ninaamua kwanza mstari ni wa lugha gani, kwa maneno yaliyo salama, kabla sijagusa neno lenye shaka.

Sasa picha. Katika nakala ya kwanza, msichana anaongeza mwanga kwenye simu na neno linachomoza lote kwa mara moja. Hapo nilimkatalia. Wino mwingi wa kalamu za zamani, ule wa buluu-nyeusi, ulikuwa na chuma ndani yake pamoja na rangi. Rangi huondoka, chuma hubaki kikiwa kahawia. Kahawia hunyonya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, kwa hiyo ukiigawa picha katika rangi zake tatu, maandishi hayo huonekana zaidi kwenye tabaka la buluu. Wino wa buluu wa rangi tupu hufanya kinyume chake: tafuta tabaka jekundu. Kwa mwenye ImageMagick, programu ya kuchakata picha, ni amri moja:

```
magick ukurasa.jpg -channel B -separate +channel -normalize buluu.png
```

Ukitaka tabaka jekundu, weka R mahali pa B. Kuongeza mwanga kwenye picha nzima hakutenganishi wino na karatasi, kunavipausha vyote pamoja.

Tabu ni kwamba tabaka la buluu ndilo linaloumia zaidi picha inapobanwa. Faili za JPEG huhifadhi mwanga kwa undani lakini rangi huzipunguza, mara nyingi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, kisha picha yote hukatwa vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8. Picha ikipitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa na kubanwa tena. Mti wa lamu utavumilia hayo. Nukta haitavumilia. Itapotea, au patazuka doa ambalo halikuwapo, limekaa sawasawa kwenye pembe ya kijisanduku. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mjomba ni kama bado anayo faili ya awali kwenye simu, na kama anaweza kuituma kama Document.

Hata faili ikiwa nzuri, sio kila doa ni nukta. Tundu la mdudu lina ukingo mkali, na kwenye picha ya pili iliyopigwa kwa pembe nyingine kivuli chake husogea. Wino uliopenya kutoka upande wa pili wa karatasi unafuata maandishi ya upande huo yakiwa yamegeuzwa kama kiooni. Nukta ya kalamu ina tabia ya mwandishi: wengine huandika nukta mbili kama mstari mfupi, na akizoea hivyo, anafanya hivyo ukurasa mzima. Nukta mbili zilizoachana vizuri katika daftari la mtu anayepiga mstari zinanitia shaka.

Kuna mahali ambapo nukta ni zaidi ya herufi, nako ni kwenye hesabu. Sifuri ya Kiarabu ni nukta. Ukurasa mmoja wa picha zile una boriti kwa korja, na korja ni 20. Yanayoonekana ni ٥ kisha ٦, na jumla ٣. Jicho lililozoea tarakimu za shuleni huona 0, 7 na 3, kwa kuwa tano ya Kiarabu ni duara na sita yake inafanana na 7. Ukizisoma sawasawa ni korja 5 kwa bei ya 6, jumla 3, jambo lisilowezekana. Sifuri zimefutika. Mara 5 kwa 6 ni 30, mara 5 kwa 60 ni 300. Kama ٥ haikupoteza sifuri yake, hesabu inakuambia kwamba jumla ina sifuri moja zaidi ya bei, lakini haikuambii zipo ngapi. Tulipima nafasi: baada ya ٣ pana uwazi wa tarakimu mbili kabla ya neno linalofuata, na mwandishi huyu hana kawaida ya kuacha uwazi. Kisha tukakuta pembeni amerudia jumla kwa maneno, mia tatu, kama wafanyavyo wafanyabiashara waangalifu. Bei ni shilingi 60 kwa korja. Bila maneno yale ningeandika 300 ndani ya mabano ya mraba, ili msomaji ajue ni makadirio yangu.

Mabano hayo niliomba yaingie kwenye hadithi. Msichana ananakili ukurasa kwenye daftari jipya, na katika nakala ya kwanza kila kitu alikiandika kama hakika. Sasa anaweka mabano palipo na dhana yake, na vitone palipopotea kabisa, na "ya mwanangu" anaiandika bila mabano, kwa kujiamini. Kosa lake linaonekana hapohapo kwenye karatasi kwa msomaji anayetazama.

Lililobaki lilikuwa swali la uandishi. Mwarabu anayesoma hadithi hii hajui kwamba Kiswahili kina ya na la. Binti alitaka kuweka maelezo chini ya ukurasa. Nilimshauri amwachie shangazi wa msichana kazi hiyo: anausoma mstari kwa sauti, anafika kwenye lamu, anasema, "Mwanangu, dini haina la." Baada ya hapo msichana anarudi kwenye picha kutazama mti ule.

Nilimuuliza pia kwa nini hakuiandika kwa Kiswahili, akasema alijaribu. Kwa herufi za Kirumi alilazimika kuandika i au e tangu mstari wa kwanza, na siri ikatoka. Kwa Kiarabu neno linakaa دين bila irabu kurasa zote, na msomaji analisoma pamoja na msichana, kwa herufi zilezile alizoandika mzee. Mhariri akija kuongeza irabu katika chapa, hadithi imekufa. Nimemwambia aliandike hilo juu kabisa ya nakala atakayoituma.