Je, wajua kwa nini posti hutoka hata baada ya kuzima matangazo?

"Nchi iko msibani, na jana usiku nilizima matangazo yote. Mbona posti yetu ya shangwe za wikendi imetoka asubuhi?"

Ulizima mlango mmoja, na kuna mitatu. Swichi ya kampeni ndani ya Ads Manager, chombo cha Meta cha kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram, husimamisha matangazo ya kulipia tu. Posti za kawaida ulizozipangia saa zinakaa kwenye kalenda nyingine, iwe Planner ya Meta Business Suite au programu yoyote unayotumia, na kalenda hiyo haina habari na swichi ile. Barua pepe na SMS zinazojituma zenyewe nazo zina mlango wao. Kama ulilipia posti ya ukurasa isambazwe, ukiizima unakata usambazaji tu. Posti yenyewe inabaki pale pale na komenti zinaendelea kumiminika.

Kosa la namna hii liliwahi kuwakuta Tesco, maduka ya Uingereza, Januari 2013. Nyama ya farasi ilikuwa imegundulika kwenye baga zilizouzwa kama za ng'ombe. Katikati ya kashfa, akaunti yao ya Twitter ikawaaga wateja usiku kwa msemo wa Kiingereza wa kwenda kulala, ambao neno kwa neno ni "kugonga nyasi kavu". Chakula cha farasi! Waliomba radhi wakaeleza kuwa ujumbe ulipangwa kabla hawajajua yaliyotokea. Siku unaandikwa haukuwa na ubaya wowote.

Kwa hiyo kutafuta matusi kwenye foleni ya posti zinazosubiri hakusaidii. Mimi huchukua kichwa cha habari cha siku, nakisoma kwa sauti, kisha nasoma kila posti ya siku tatu zijazo mara tu baada yake. Kivuko kimepinduka: "Zama kwenye ofa zetu." Jengo limeungua: "Bei za moto," na kiemoji cha mwali juu yake. "Punguzo la kufa mtu" halihitaji hata kujaribiwa. Zinazokwama nazirudisha kuwa rasimu, sizifuti, maana nyingi zitafaa baadaye. Risiti na taarifa za mzigo kuchelewa naziacha ziende. Mteja anazihitaji hata wakati wa maombolezo.

Kurudi hewani nako kuna mtego. Tuseme kampeni ina bajeti ya jumla ya siku 10, ukaizima siku ya 4, ukaiwasha siku ya 9. Tarehe ya mwisho haikusogea, kwa hiyo mfumo utajaribu kuzitumia fedha zote zilizobaki katika siku mbili tu. Sogeza tarehe kwanza, ndipo uwashe. Na ukikaa kimya siku 7 au zaidi, Meta huirudisha seti ya matangazo kwenye hatua ya kujifunza, yaani mfumo unaanza upya kutafuta wa kuwaonyesha tangazo, hivyo matokeo ya siku za mwanzo yatayumba. Tangazo la "zimebaki siku 2" lirekebishe kabla ya yote.