Je, wajua kwa nini alkoholi moja huwa asidi, nyingine huishia ketoni, na nyingine haiguswi?

"Tumetia dikromati ileile kwenye alkoholi tatu. Mbili zimekuwa kijani, ya tatu imebaki rangi ya chungwa. Kwa nini? Na nikitaka aldehaidi tu, isifike kwenye asidi, nifanyeje?" — mwanafunzi wa kidato cha sita, Mwanza

Angalia kaboni iliyobeba kundi la OH, uhesabu haidrojeni zake. Kuoksidisha alkoholi ni kuondoa haidrojeni mbili: moja kutoka kwenye oksijeni, nyingine kutoka kwenye kaboni hiyo. Ethanoli ni alkoholi ya msingi, na kaboni yake ina haidrojeni mbili. Propani-2-oli, ambayo hutumika katika baadhi ya vitakasa mikono, ni ya upili. Kaboni yake ina haidrojeni moja. Katika (CH3)3COH, ambayo ni ya tatu, kaboni hiyo imezungukwa na kaboni tatu na haina haidrojeni hata moja. Hapo hakuna cha kuondoa, ndiyo maana rangi ya chungwa haikubadilika.

Propani-2-oli ikipoteza haidrojeni yake hugeuka propanoni, yaani asetoni, na safari huishia hapo. Ethanoli ndiyo yenye mambo mengi. Kwanza hutoa ethanali, CH3CHO, ambayo ni aldehaidi. Mchanganyiko wenu wa dikromati na asidi ya salfuriki umejaa maji, na maji hayo huungana na sehemu ya ethanali kutengeneza CH3CH(OH)2. Itazame vizuri: kaboni ileile sasa ina OH mbili na bado ina haidrojeni moja. Kwa kioksidishaji hiyo ni kama alkoholi nyingine tena, kwa hiyo huiondoa haidrojeni iliyobaki na unapata asidi ya ethanoiki, CH3COOH, ile iliyomo kwenye siki.

Ukitaka asidi, basi, weka dikromati ya ziada na uchemshe kwa kondensa iliyosimama wima, ili kila mvuke unaopanda urudi chupani uendelee kuoksidishwa. Ukitaka ethanali, fanya kinyume. Pasha moto asidi iliyozimuliwa, kisha dondoshea polepole mchanganyiko wa ethanoli nyingi na dikromati kidogo, huku ukikusanya kinachotoka. Ethanali huchemka kwenye nyuzi 20 hivi za Selsiasi, wakati ethanoli huchemka kwenye 78, kwa hiyo hutoroka chupani kabla haijaoksidishwa mara ya pili.

Hapa Mwanza kuna jambo la kuangalia. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo, ethanali huchemka chini zaidi, karibu nyuzi 17. Maabara yenye joto la nyuzi 25 itaipeperusha yote, hata kama kila hatua nyingine imefanywa sawasawa. Chupa ya kupokelea ikae ndani ya barafu tangu mwanzo. Barafu ya kupozea sangara inatosha kabisa. Mvuke wa ethanali hushika moto upesi, kwa hiyo pasha kwa maji ya moto, miali ya moto ikae mbali.

Rangi ya kijani isikudanganye. Inakuambia tu kwamba kromiamu imepunguzwa, yaani kitu kimeoksidishwa, lakini haisemi umepata nini. Chukua tone la kile ulichokusanya, ulipashe na myeyusho wa Fehling: aldehaidi hutoa mashapo mekundu ya tofali, propanoni haitoi. Asidi ya ethanoiki itatoa mapovu kwenye kabonati ya sodiamu. Lakini kipimo hiki kifanye kwa kimiminika kilichokeneshwa, si kwa kilichobaki chupani, maana asidi ya salfuriki iliyomo humo itatoa mapovu vilevile na utadhani umefaulu.

Njia ya uhakika zaidi ya kuishia kwenye aldehaidi ni kuondoa maji kabisa. Mwaka 1975 wanakemia Corey na Suggs walieleza matumizi ya piridiniamu klorokromati, inayofahamika kwa kifupi kama PCC, ndani ya kiyeyushi kisicho na maji, CH2Cl2. Huitwa kioksidishaji cha upole, lakini kromiamu yake ina namba ya oksidisho +6, sawa na ya dikromati. Kikubwa ni kwamba pasipo maji CH3CH(OH)2 haitengenezwi, na aldehaidi hubaki aldehaidi. Kwa alkoholi ya upili, PCC na dikromati hukupa ketoni ileile.

Ile ya tatu nayo si kwamba haiwezi kuharibiwa kamwe. Ukiichemsha muda mrefu kwenye asidi kali hupoteza maji na kuwa alkeni, na alkeni huoksidishwa. Ukiona rangi ikibadilika taratibu baada ya kupasha sana, hiyo ndiyo sababu, au chupa yako ilikuwa na alkoholi nyingine iliyochanganyika.