Tangi la chini likiwa tupu linaweza kuelea

Machi, mvua za Mbeya zikiwa zimekolea, niliitwa kuangalia tangi la maji la nyumbani, la chini ya ardhi, lililokuwa bado halijawekwa slabu ya juu. Fundi alikuwa amelikausha ili apige plasta. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi upande mmoja ulikuwa umepanda shubiri nzima, bomba limekatika. Fundi akaapa kwamba pale hakuna chemchemi. Kweli haikuwapo. Maji ya paa yaliingia pembeni mwa kuta, kwenye kifusi kisichoshindiliwa, yakajaa kama ndani ya ndoo.

Tuipige hesabu. Kwa ndani tangi lilikuwa mita 3 kwa 3, kina mita 2. Kuta na sakafu ni zege la sentimita 20, slabu ingekuwa sentimita 15. Likikamilika, zege lote lina uzito wa tani 22 hivi. Lakini maji ya nje yakifika usawa wa slabu, yanalisukuma juu kwa tani 27. Bila slabu uzito ni tani 18 tu, kwa hiyo maji ya mita 1.6 shimoni yanatosha kulinyanyua.

Wengi hukimbilia kunenepesha kuta. Ni gharama, na ukuta mnene nao unachukua nafasi ya maji. Bora sakafu itokeze sentimita 40 nje ya kuta pande zote. Udongo unaoikalia, hata ukipunguziwa uzito kwa kuzama majini, huongeza tani 10 hivi, na tangi linatulia. Kifusi kishindiliwe kwa matabaka, maji ya paa yaelekezwe mbali.

Kuta za sentimita 20 zinatosha kwa kina hiki, zikiwa na nondo alizopanga mhandisi. Matofali ya inchi 6 siyashauri: tangi likiwa tupu, udongo uliolowa huyasukuma ndani.

Plasta nayo ina mpaka wake. Ya ndani, saruji moja kwa mchanga tatu pamoja na dawa ya kuzuia maji, huzuia maji ya tangi yasitoke, kwa sababu maji yenyewe yanaigandamiza ukutani. Maji ya nje huibandua. Kwa hiyo zege lenyewe lisivuje, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu. Kwaruza ukuta, ulowanishe, piga matabaka mawili ya sentimita moja moja, zungushia kona ziwe za mviringo, malizia kwa niru, kisha mwagilia siku saba.

Kabla ya kulikausha tangi wakati wa mvua, chimba kishimo pembeni uone maji yamefika wapi. Ukikuta kifuniko kimepanda au udongo umepasuka kuzunguka kuta, usipige pampu kutoa maji ya ndani. Lijaze kwanza, halafu ndipo uyatoe ya nje.