Nambari ya kadi haikai kwa mwenye nyumba ya wageni

Mgeni aliyelala Shela mwaka jana amerudi kwenye tovuti, kabonyeza kitufe kimoja, malipo yameingia. "Basi nambari yake ninayo mimi humu, mwanangu?" aliniuliza mama mwenye nyumba. Nilimwambia hana, na ndivyo inavyotakiwa.

Mgeni alipolipa mara ya kwanza, visanduku vya kadi vilionekana kama sehemu ya ukurasa wa mama, lakini vilitoka kwenye seva za kampuni ya malipo. Nambari ilikwenda huko moja kwa moja. Kampuni iliihifadhi kwa usimbaji, kisha ikarudisha tokeni: herufi na tarakimu za kubahatisha, ambazo huwezi kuzipigia hesabu ukapata nambari ya kadi. Upande wa mama kilibaki hiki tu:

```
token: tok_7hQ2mX
brand: visa
last4: 4242
exp: 11/27
```

Tarakimu nne za mwisho zipo ili mgeni aitambue kadi yake. Zile tatu za nyuma ya kadi hazipo kabisa. Kanuni za usalama wa kadi za malipo, ziitwazo PCI DSS, zinamkataza mfanyabiashara kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa, hata kwa usimbaji.

Mgeni akibonyeza tena, tovuti hutuma tokeni, kiasi cha pesa na ufunguo wa siri wa biashara ile. Kampuni ya malipo ndiyo inayoitafuta kadi halisi na kuuliza benki. Mwizi akiiba orodha nzima ya tokeni bila ufunguo, hana la kufanya nayo. Akipata vyote viwili, anaweza kuwatoza wageni kwa jina la mama. Kwa hiyo huwa sikubali kabisa ufunguo huo utumwe kwa WhatsApp.

Kujaziwa nambari ya kadi na kivinjari ni jambo jingine, na watu wengi huyachanganya. Kadi uliyoihifadhi kwenye Chrome inalindwa ikiwa imetulia. Lakini ukikubali ijazwe, kwa kawaida nambari nzima huingia kwenye kisanduku, sawa na kama umeiandika kwa mkono. Zile nukta ulizoziona kwenye menyu, zikificha tarakimu, zilikuwa za macho yako tu. Kisanduku kikiwa cha tovuti yenyewe, skripti, yaani programu ndogo ndani ya ukurasa, iliyopachikwa na mhalifu itazisoma tarakimu zote kabla tokeni haijatengenezwa.

Kwenye kompyuta unaweza kukagua. Bofya kulia juu ya kisanduku cha nambari, chagua Inspect. Kikiwa ndani ya `iframe`, yaani ukurasa mwingine uliopachikwa ndani ya ukurasa huo, yenye anwani ya kampuni ya malipo, kivinjari hakiruhusu skripti za ukurasa kuchungulia humo. Isome anwani hiyo herufi kwa herufi, maana mhalifu anaweza kubandika `iframe` yake bandia juu ya ile halisi. Tovuti moja ya Malindi niliyoikagua haikuwa na `iframe` yoyote. Ilikuwa na hiki:

```
<input name="cardnumber">
```

Nilimshauri mwenye tovuti hiyo asimamishe malipo ya kadi mpaka fundi aweke visanduku vya kampuni ya malipo.