Saa za kwenye tiketi si zote za Lubumbashi

“Kaka, naondoka Lubumbashi saa 14:00, nafika Addis Ababa 18:55. Ni karibu saa tano angani, sivyo?”

Hapana, ni saa 3 na dakika 55. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji wenyewe, na Addis iko saa moja mbele yetu. Ukitoa moja kwa moja, unahesabu saa ambayo hukuruka.

Tuseme unaendelea Brussels, mwezi wa Januari: kuondoka 23:50, kufika 05:50 +1. Ile +1 ni kesho yake. Mwambie hivyo atakayekupokea, wengi huiruka. Kusubiri Addis hakuhitaji marekebisho, maana 18:55 hadi 23:50 ni saa ya mji mmoja: 4 na dakika 55. Lakini kutoka Addis hadi Brussels si saa sita. Januari Brussels iko saa mbili nyuma ya Addis, kwa hiyo unaongeza mbili: nane.

Jumla ni saa 16 na dakika 50. Hakiki hivi: Brussels ikiwa 05:50, Lubumbashi ni 06:50. Hesabu kutoka 14:00 ya jana. Julai Brussels inalingana na sisi, basi usitumie tofauti ya Januari.